Jinsi ya kupanga tarehe ya harusi isiyogongana na mifungo, sikukuu wala likizo za shule: mfano wa mwaka 2027

Maharusi wengi huangalia siku moja tu kwenye kalenda. Wanaona Jumamosi iko wazi, wanalipia ukumbi, kisha wiki mbili baadaye katibu wa parokia anawaambia kuwa sendoff yao imeangukia Jumamosi Kuu. Au shangazi upande wa bi harusi anapiga simu kusema siku hiyo amefunga. Pesa ya ukumbi hairudi, na lawama nazo hazirudi.

Tatizo ni kwamba harusi yetu si siku moja. Kuna kitchen party, kuna sendoff, kuna matangazo kanisani Jumapili tatu, na kuna miezi kadhaa ya kukusanya michango. Tarehe nzuri ni ile ambayo siku hizo zote, pamoja na harusi yenyewe, ziko salama. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, na nitautumia mwaka 2027 kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Maharusi wa mfano wetu wote ni Wakatoliki wanaoishi Dar es Salaam. Kijana kwao ni Rombo. Binti kwao ni Muheza, Tanga, katika ukoo wenye Wakristo na Waislamu: baba yake alibatizwa, lakini shangazi zake wawili ni Waislamu, na bila wao sendoff haianzi. Dada wa bwana harusi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Moshi. Mdogo wa bi harusi anamaliza kidato cha nne mwaka huohuo.

## Mnachohitaji kabla ya kuanza

Tafuteni kalenda ya ukutani ya mwaka wa harusi, yenye visanduku vikubwa vya kuandikia. Kama ya mwaka huo haijatoka, chapisheni moja au chorea kwenye daftari. Simu haitoshi kwa kazi hii, kwa sababu mnatakiwa kuona mwaka mzima kwa pamoja.

Kalamu tatu: nyeusi ya kufuta, nyekundu ya kuweka alama ya kuuliza, na ya kijani ya tarehe zinazobaki.

Kalenda ya liturujia ya kanisa lenu, inayopatikana parokiani au kwenye maduka ya vitabu vya dini. Kalenda ya Kiislamu, ambayo misikiti mingi hubandika ukutani. Mihula ya shule ya mwaka huo, au ya mwaka uliotangulia kama mipya haijatangazwa.

Na orodha ya watu wa lazima. Siyo orodha ya wageni. Ni watu kumi au kumi na wawili ambao mmoja wao akikosekana, siku inaharibika: wazazi, washenga, shangazi, wajomba, msimamizi na mkewe. Mbele ya kila jina andikeni dini yake, anakoishi, na kama ana mtoto shuleni.

## Hatua ya 1: Someni orodha ya watu wa lazima

Anzeni hapa kwa sababu kalenda ina vikwazo vingi kuliko vinavyowahusu ninyi. Familia ambayo haina Mwislamu hata mmoja haihitaji kuhangaika na Arafa. Familia yenye ndugu Wasabato kutoka Upareni ina kikwazo ambacho wengine hawakijui kabisa: Jumamosi mchana ni Sabato, kwa hiyo ndugu hao wataikuta sherehe baada ya jua kuzama, au msogeze harusi iwe Jumapili.

Kwa maharusi wetu wa mfano, orodha inatoa vikwazo vinne: Kwaresima na Majilio kwa sababu ya kanisa lao, Ramadhani na sikukuu za Kiislamu kwa sababu ya shangazi wa Muheza, likizo kwa sababu ya wifi mwalimu na familia zenye watoto, na mtihani wa kidato cha nne kwa sababu ya shemeji.

Onyo: msiulize watu "mnaonaje tarehe fulani?" katika hatua hii. Mkitaja tarehe moja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kesho mtakuta imeshakuwa tarehe ya harusi. Ulizeni tu, "Kuna wakati gani mwakani ambapo hutaweza kusafiri?" Kisha andikeni majibu.

Mmefaulu kama mna vikwazo vilivyoandikwa, na kila kikwazo kina jina la mtu mbele yake. Kikwazo kisicho na mtu futeni.

## Hatua ya 2: Futeni mifungo na sikukuu za dini

Sasa shikeni kalamu nyeusi. Mwaka 2027 una Jumamosi 52, na nitazihesabu hizo tu kwa sababu ndizo harusi nyingi hufanyika.

Anzeni na Pasaka, maana ndiyo inayobeba tarehe nyingine za Kikristo. Mwaka 2027 Pasaka ni tarehe 28 Machi. Kutoka hapo rudini nyuma siku 46 mfike Jumatano ya Majivu, yaani tarehe 10 Februari. Kati ya hizo mbili ni Kwaresima. Sheria ya Kanisa Katoliki haikatazi kabisa ndoa wakati wote wa Kwaresima. Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu ndizo zilizofungwa moja kwa moja. Lakini parokia nyingi hapa kwetu hazifungishi ndoa kipindi hicho, na hata zinazokubali zitawaambia mpunguze maua, muziki na shamrashamra. Kwa harusi yenye tarumbeta na msafara wa magari, hesabuni kuwa pamefungwa.

Majilio yanaanza Jumapili nne kabla ya Krismasi. Mwaka 2027 ni tarehe 28 Novemba. Jumamosi ya tarehe 27 nayo ifuteni, kwa sababu jioni yake tayari ni masifu ya kwanza ya Majilio, na parokia huwa katika maandalizi.

Upande wa Waislamu kuna jambo la kuelewa. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja kuliko huu wa kawaida, kwa hiyo kila mwaka tarehe zinarudi nyuma kwenye kalenda ya ukutani. Idi ya Kuchinja mwaka 2026 ilihesabiwa kuwa karibu na tarehe 27 Mei. Mwaka 2027 inahesabiwa kuwa karibu na tarehe 16 Mei. Kama hamna kalenda ya mwaka unaokuja, chukueni tarehe ya mwaka huu mtoe siku kumi na moja. Mtakosea kwa siku moja tu.

Siku hiyo moja nayo ina uzito wake. Mwezi unaandama kwa kuonekana, na hapa Tanzania tunajua wapo wanaofuata tangazo la BAKWATA na wapo wanaofuata Makka, hivyo mtaa mmoja unaweza kula Idi siku mbili tofauti. Kila tarehe ya Kiislamu iwekeeni siku mbili kabla na mbili baada. Msilipie kitu chochote ndani ya siku hizo tano.

Kwa mwaka 2027 makadirio ni haya: Ramadhani kuanza karibu na tarehe 8 Februari, Idi ya Fitri karibu na tarehe 9 au 10 Machi, Idi ya Kuchinja karibu na tarehe 16 Mei, na Maulidi ya mfungo sita karibu na tarehe 14 au 15 Agosti.

Tazameni kinachotokea. Ramadhani na Kwaresima zinaanza wiki moja. Kwa familia yenye dini zote mbili hiyo ni nafuu, maana mfungo mmoja unafunika mwingine. Mwaka 2028 mambo yanageuka: Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 28 Januari na kwisha mwishoni mwa Februari, halafu Jumatano ya Majivu inaangukia tarehe 1 Machi na Pasaka tarehe 16 Aprili. Zinapokezana kama mbio za vijiti. Mnaofikiria kusogeza hadi 2028 jueni kuwa kwa familia ya aina hii, kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Aprili hakuna nafasi.

Turudi 2027. Jumamosi saba kuanzia tarehe 13 Februari hadi 27 Machi zinafutwa. Tarehe 6 Februari nayo ifuteni, kwa sababu ni wikiendi ya vunja jungu na Waislamu wengi wana shughuli zao. Isitoshe Shaabani ni mwezi wa harusi nyingi Pwani, kumbi na wapishi hugombaniwa.

Tarehe 15 Mei inafutwa kwa sababu ambayo watu husahau. Wengi huona Idi ni Jumapili, wakadhani Jumamosi ni huru. Jumamosi hiyo yenyewe inaweza kuwa siku ya Arafa, ambayo Waislamu wengi wasio Hija hufunga. Mama mmoja wa Tanga alipoalikwa kwenye harusi siku ya namna hiyo alimjibu mpwa wake kwa upole: "Mwanangu, nitakuja. Ila hiyo pilau yenu mnifungie, nitaifuturia nyumbani." Alikuja, akakaa, akaondoka saa kumi na moja. Hapakuwa na ugomvi, lakini meza ya shangazi ilibaki tupu wakati wa kukata keki.

Tarehe 14 Agosti inafutwa kwa Maulidi. Kuanzia 27 Novemba hadi 25 Desemba, Jumamosi tano, zinafutwa kwa Majilio na Krismasi.

Jumla ya zilizofutwa ni 15. Zimebaki 37.

Kuna alama mbili za kalamu nyekundu hapa. Baada ya Idi ya Fitri kuna funga ya sita ya Shawwal, na wanawake wengi hulipa pia siku walizokosa Ramadhani. Hiyo si sababu ya kufuta mwezi mzima, ila mkiandaa kitchen party mwezi huo ipangeni baada ya magharibi. Alama ya pili ni Safar, mfungo tano. Wapo wazee wa Pwani wasiopenda harusi mwezi huo. Masheikh wengi watawaambia haina msingi katika dini. Lakini kama mzee huyo yuko kwenye orodha ya watu wa lazima, ni rahisi kusogeza wiki moja kuliko kubishana naye miezi sita. Mwaka 2027 Safar inahesabiwa kuanza mwanzoni mwa Julai na kwisha karibu na tarehe 3 Agosti.

## Hatua ya 3: Futeni likizo za shule

Wengine hushangaa hatua hii, kwa sababu wanadhani likizo ndiyo nafasi ya wote kuhudhuria. Kwa harusi ya kijijini, mwezi Desemba, pale ambapo ukoo wote umerudi Rombo, hilo ni kweli. Kwa harusi ya Dar es Salaam ni kinyume. Likizo ndipo watoto wanapelekwa kwa bibi, walimu wanarudi makwao, tiketi za basi zinaisha mapema, na kila mzazi amebana hela ya nauli na ya ada.

Mihula ya shule za serikali hutangazwa na serikali, mara nyingi mwaka ukiwa umekaribia. Msiusubiri, kwa sababu umbo lake halibadiliki sana: shule hufunguliwa Januari, kuna mapumziko mafupi kuelekea Pasaka, likizo ndefu ya kati kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Julai, mapumziko mafupi Septemba, kisha hufungwa mwanzoni mwa Desemba. Shule binafsi huchelewa au kutangulia kwa siku kadhaa, na zile za mitaala ya kigeni zina kalenda yao kabisa. Ulizeni shule za watoto waliomo kwenye orodha yenu tu.

Kwa 2027 futeni tarehe 2 na 9 Januari, tarehe 3 Aprili, Jumamosi zote nne za Juni, na tarehe 3 Julai. Hizo ni nane. Zimebaki 29.

Kisha wekeni alama nyekundu kwa Septemba yote na Oktoba. Ukiacha mapumziko, Septemba ndipo darasa la saba hufanya mtihani wao, na Jumamosi za Septemba na Oktoba ndizo za mahafali ya kidato cha nne. Mzazi aliyelipa ada miaka minne hatakuja harusini siku mwanawe anavaa joho. Hapa hakuna kalenda ya taifa ya kuwasaidia, kila shule ina siku yake. Pigeni simu shuleni.

Novemba ni mtihani wenyewe wa kidato cha nne. Shemeji wa mfano wetu atakuwa bwenini, na mama mkwe atakuwa anasali rozari. Kwa familia hii, tarehe 6, 13 na 20 Novemba zipigwe nyeusi. Kwa familia isiyo na mtahiniwa ziko huru, ingawa Walutheri wana vipaimara vingi kuelekea mwisho wa mwaka na kumbi hujaa.

Mmefaulu kama mnaweza kutazama kalenda yenu kwa mbali na mkaona mwaka umegawanyika katika vipande: kipande cha Aprili na Mei, kipande cha Julai na Agosti, na kipande chenye wekundu cha Septemba na Oktoba. Januari iliyobaki itajifia yenyewe katika hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Hesabuni kurudi nyuma

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoangusha wengi.

Chukueni kila Jumamosi iliyobaki na mwandike chini yake tarehe tatu: sendoff wiki mbili kabla, kitchen party wiki nne kabla, na Jumapili tatu za matangazo ya ndoa. Kama mila yenu ina nafasi tofauti, tumieni yenu. Kisha angalieni kama mojawapo imeangukia kwenye weusi.

Tujaribu tarehe 10 Aprili. Kwaresima imekwisha, shule ziko wazi, kalenda inang'aa. Lakini sendoff yake ni tarehe 27 Machi, ambayo ni Jumamosi Kuu. Imekufa.

Tarehe 17 Aprili: sendoff ni tarehe 3 Aprili, ambayo tumeshaifuta kwa likizo, na kitchen party ni tarehe 20 Machi, ndani ya Kwaresima. Tarehe 24 Aprili: kitchen party inarudi Jumamosi Kuu ileile. Januari yote inaanguka namna hii pia, kwa kuwa kitchen party au sendoff inaangukia Krismasi au mwaka mpya.

Tarehe 29 Mei inaonekana nzuri kuliko zote za mwezi huo. Sendoff yake ni tarehe 15 Mei, siku inayoweza kuwa Arafa. Na sendoff ndiyo sherehe ya upande wa binti, kule Muheza, ambako shangazi ndio wenyeji. Mngeweka mfungo wa shangazi kwenye shughuli ya shangazi.

Julai nayo inadanganya. Tarehe 10, 17 na 24 ziko wazi, lakini kila moja inavuta sendoff au kitchen party hadi ndani ya likizo ya Juni au siku zake za mwisho. Tarehe 31 inapita kwa shida: kitchen party ni tarehe 3 Julai, ambapo wifi mwalimu huenda bado yuko Rombo, na harusi yenyewe iko ndani ya Safar.

Tarehe 28 Agosti inanasa kwenye Maulidi kwa sababu sendoff ni tarehe 14.

Zinazopita bila doa ni chache. Tarehe 7 Agosti: kitchen party 10 Julai, sendoff 24 Julai, matangazo 11, 18 na 25 Julai. Tarehe 21 Agosti: kitchen party 24 Julai, sendoff 7 Agosti, matangazo 25 Julai, 1 na 8 Agosti. Tarehe 8 na 22 Mei zinapita pia, na tarehe 4 Septemba inapita kama hakuna mapumziko wala mahafali yanayoigusa.

Onyo la kisheria: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kusudio la ndoa litolewe angalau siku 21 kabla. Matangazo ya Jumapili tatu kwa kawaida huenda sambamba na hilo, lakini mnaofunga ndoa bomani kwa mkuu wa wilaya hesabuni siku hizo wenyewe, msije mkafika na nguo nyeupe mkaambiwa mrudi wiki ijayo.

Mmefaulu kama zimebaki tarehe kati ya tatu na sita. Zikibaki zaidi ya kumi, huenda hamkuhesabu kitchen party. Isipobaki hata moja, legezeni nafasi kati ya shughuli kwanza kabla ya kugusa vikwazo vya dini: sendoff inaweza kuwa wiki moja kabla, au siku ya Ijumaa.

## Hatua ya 5: Pimeni tarehe kwa michango

Tarehe inaweza kupita hatua zote na bado ikawa na kamati isiyo na hela.

Kamati nyingi hufanya kazi miezi minne au mitano. Andikeni mishahara ambayo wachangiaji watapokea katika kipindi hicho, na mbele ya kila mshahara andikeni kinachoumeza. Kwa tarehe 8 Mei mishahara ni ya Januari, Februari, Machi na Aprili. Januari imeliwa na ada. Februari na Machi zina futari, nguo za Idi na Pasaka. Unabaki wa Aprili peke yake, na wiki moja baada ya harusi kuna Idi nyingine ya kununua mbuzi. Watu wataahidi kwenye kadi, lakini mweka hazina atakuwa anapiga simu hadi asubuhi ya harusi. Isitoshe huo ni wakati wa masika, na barabara za mitaa mingi ya Dar es Salaam hazimpendi bi harusi.

Kwa tarehe 7 Agosti mishahara ni ya Aprili, Mei, Juni na Julai. Mei ina Idi na Juni ina nauli za likizo. Julai wazazi wa shule binafsi hulipa awamu ya pili ya ada. Haiko safi. Ila Aprili iko huru, na mshahara wa mwisho wa Julai unaingia wiki moja kabla ya harusi, wakati ambapo ahadi zilizokwama hulipwa.

Tarehe 21 Agosti inatumia mishahara ileile, tofauti ni kwamba iko katikati ya mwezi. Wageni watakuja na mikono mitupu kidogo. Ndiyo maana naiweka ya pili.

## Hatua ya 6: Pelekeni tarehe mbili, siyo moja

Nendeni parokiani kwanza, kabla ya ukumbi. Parokia nyingi hutaka maharusi wafike miezi mitatu hadi sita kabla kwa ajili ya mafundisho na fomu, na kama mmoja wenu anatoka dini au dhehebu jingine kuna ruhusa ya kuomba kwa askofu ambayo huchukua muda wake. Ukumbi unaweza kubadilishwa kwa fedha. Padri aliyepangiwa mafungo, au jumuiya inayosherehekea jubilei yake siku hiyo, hawezi.

Swali la kumuuliza katibu si "Tarehe 7 Agosti ipo?" Muulizeni hivi: "Jumamosi ya tarehe 7 na ya tarehe 21 Agosti kuna shughuli gani nyingine kanisani, na misa za ndoa huanza saa ngapi?" Mkisikia siku hiyo kuna ndoa nyingine nne za pamoja, mtaamua wenyewe kama mnalitaka hilo.

Akishaandika majina yenu kwenye daftari lake, siku hiyohiyo pigeni simu Muheza. Kwa shangazi usianze na tarehe, anza na sendoff, maana ndiyo yake: "Shikamoo shangazi. Tulikuwa tunafikiria sendoff iwe tarehe 24 Julai na harusi tarehe 7 Agosti, wiki moja kabla ya Maulidi. Unatuambiaje?" Akisema sawa, mna baraka. Akisema sendoff itaingia mfungo tano, mwambieni ni karamu tu, hakuna ndoa inayofungwa siku hiyo, na ndoa yenyewe iko mfungo sita. Akiendelea kukataa, toeni ya pili, ambayo sendoff yake ni tarehe 7 Agosti na Safar imeshapita. Ndiyo kazi ya kuwa na mbili. Maana yake mweke majina kwa tarehe zote mbili hadi mzee wa mwisho aseme.

Ukumbi ufuate ndani ya wiki hiyo. Kabla ya kutoa malipo ya awali ulizeni mambo mawili na yaandikwe kwenye risiti: kama mnaweza kuhamisha tarehe mara moja bila kulipa upya, na mwisho wa kuhamisha ni lini. Baadhi ya kumbi hukubali mkihamisha mapema. Na kwa kuwa mna wageni Waislamu, kwenye mkataba wa mpishi andikeni nani atachinja. Mengi huharibika hapo hata kwenye tarehe iliyochaguliwa vizuri.

## Hatua ya 7: Kagueni tena mara mbili

Ukaguzi wa kwanza ni pale serikali inapotangaza mihula ya shule. Tarehe zikiwa zimesogea wiki moja, kitchen party ndiyo ya kusogeza, harusi ibaki.

Ukaguzi wa pili ni baada ya Idi ya Fitri. Hapo mwezi umeshaandama kweli, makadirio yamepungua, na mnaweza kuhesabu upya hadi Maulidi. Kama Idi ilisogea siku moja na mliweka zile siku mbili za akiba, hakuna kinachobadilika.

Mkimaliza ukaguzi huo ndipo mchapishe kadi za mchango, na ndipo tarehe iandikwe kwenye kundi la ukoo. Andikeni zote tatu kwa pamoja, kitchen party, sendoff na harusi, ili asitokee mjomba wa kuweka kipaimara cha mwanawe katikati.